Mwajiri Naye Ahojiwe

Hotuba kwa watafuta kazi wenye ulemavu, Nairobi

Ndugu zangu, hamjambo. Mkalimani wetu wa lugha ya ishara amesimama upande huu wenye mwanga, kwa hiyo mlioketi nyuma ya nguzo ile na mnahitaji kumwona, sogeeni mbele, viti vipo. Kwa wenzetu wasioona, anayezungumza ni mwanamume mfupi aliyevaa shati la buluu, anatembelea magongo mawili, na mkisikia kitu kikigonga sakafu, basi ni mimi.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwakutanisha watafuta kazi wenye ulemavu na waajiri wa mji huu. Leo sitawafundisha kuandika wasifu, mafunzo hayo mmeyapata mpaka mmeyachoka. Nitazungumzia namna ya kumpima mwajiri mapema, kabla hujamaliza nauli yako, na hasa kabla hujaacha kazi uliyo nayo ukifuata ahadi.

Wote mnaijua ile sentensi iliyo mwisho wa tangazo: "Watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi." Sentensi hiyo haina gharama. Mara nyingi ilinakiliwa kutoka tangazo la mwaka uliopita, na aliyeinakili hajui kama choo cha ofisi yake kinapitika. Lakini ipo kwa sababu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inataka angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa zifikie watu wenye ulemavu hatua kwa hatua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi. Kwa hiyo mwajiri anayekutafuta leo huenda anakutaka wewe, au huenda anataka hesabu yake itimie. Mimi simkatai huyu wa pili, maana hesabu nayo hufungua mlango. Ila ni vyema ujue umeingia kwa yupi.

Anza na tangazo lenyewe, ulisome lote. Kazi ni ya kuketi mezani kuandika ripoti, lakini masharti yanasema lazima uwe na leseni ya kuendesha gari. Kwa nini? Nimewahi kumuuliza ofisa mmoja swali hilo, akaniambia, "Iko tu hapo, mzee." Hiyo "iko tu hapo" imewafungia nje watu wasioona, watu wenye kifafa na wengine wengi, na hakuna aliyekusudia. Tangazo la mwajiri aliyefikiri husema kazi yenyewe ni nini, mahojiano yatakuwa wapi, na ukihitaji marekebisho fulani uandike kwa nani. Hilo jina au anwani ya kuandikia ndilo la kutafuta kwanza. Kama halipo, bado usikate tamaa, lakini weka alama ya kuuliza.

Halafu kuna fomu ya maombi ya mtandaoni. Hapa wenzetu wanaotumia kisoma skrini, programu inayowasomea kwa sauti kilicho kwenye kompyuta, wana kipimo ambacho hata anayeona anaweza kukitumia. Fungua fomu kwenye kompyuta, weka kipanya kando, bonyeza kitufe cha Tab mara moja moja. Kwa anayetumia kisoma skrini kama NVDA, kila ukibonyeza unapaswa kusikia jina la kisanduku: jina la kwanza, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya simu. Ukisikia tu kwamba hapa ni mahali pa kuandika, bila kuambiwa uandike nini, fomu hiyo haikuwekewa majina. Endelea mpaka sehemu ya kupakia vyeti. Hapo ndipo fomu nyingi hufa, kwa sababu kitufe ni picha tu, Tab inakipita kama hakipo. Mwisho wa safari unaweza kukuta picha yenye herufi zilizopinda, unaambiwa uzinakili ili uthibitishe kwamba wewe si mashine, na hakuna sauti mbadala.

Fomu mbovu pekee haitoshi kumhukumu mwajiri. Wengi hununua mfumo ulio tayari, hawakuutengeneza wao. Kinachomhukumu ni anavyojibu ukimwandikia, "Kisanduku cha nne hakisomeki, naomba kutuma maombi kwa barua pepe." Aliye makini hukubali na kukupa muda. Mwingine hukwambia uombe mtu akujazie. Kwa jibu hilo, unajua ukianza kazi kila kitu utakuwa unaomba mtu akufanyie.

Kwa ofisi za serikali mna kitu ambacho watafuta kazi wengi hawakijui. Tume ya Utumishi wa Umma hutoa ripoti kila mwaka kuhusu jinsi taasisi zinavyofuata maadili ya Katiba, na humo kuna hesabu za watumishi wenye ulemavu. Taasisi nyingi ziko mbali na asilimia 5. Msisome mwaka mmoja tu. Chukueni ripoti za miaka kadhaa, muifuate taasisi mnayoitaka: hesabu inapanda, imesimama, au inashuka? Ikishuka, kuna watu wanaondoka, na lazima kuna sababu. Makampuni makubwa nayo huchapisha ripoti za uendelevu, na mengine hutaja humo idadi ya wafanyakazi wenye ulemavu. Ukiona idadi, tafuta kama wamesema watu hao wako ngazi gani. Kampuni yenye watu wengi wenye ulemavu, wote wakiwa kwenye kituo cha kupokea simu kwa mikataba mifupi, na hakuna hata meneja mmoja, imekwambia kitu. Kuhusu tuzo na picha za wakurugenzi wakikata keki Desemba 3, siku yetu ya kimataifa, mimi sizisomi kabisa.

Barua ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Ukishaitwa kwenye mahojiano, hujafika bado, andika barua pepe fupi ya kuomba kile unachohitaji. Wengi wanaogopa, wanasema wataondolewa kwenye orodha. Inatokea, sitawadanganya. Lakini atakayekuondoa kwa sababu umeuliza upana wa mlango, ungeishi naye vipi? Na ikiwa ameandika, una karatasi mkononi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unasema kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi, mradi marekebisho hayo si mzigo uliopita kiasi kwa mwajiri. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu tangu kwenye kuajiri, haingoji mpaka uwe umeajiriwa.

Niwape kisa. Kuna dada mmoja mhasibu, anaishi Umoja, anatumia kiti cha magurudumu. Aliitwa na waajiri wawili katika mwezi mmoja. Wa kwanza alikuwa na ofisi Westlands, jengo la vioo, tovuti yenye picha za watu wa kila aina wakicheka. Wa pili ni kiwanda Industrial Area, na tovuti yake ni picha za mapipa. Tuliketi naye tukaandika barua moja, akawatumia wote wawili. Ilisema hivi:

"Asanteni kwa kunialika kwenye mahojiano. Natumia kiti cha magurudumu chenye upana wa sentimita 66. Naomba kujua: je, kuna ngazi kati ya geti na chumba cha mahojiano? Mlango mwembamba kuliko yote nitakaopitia una upana gani? Kuna choo ambacho naweza kuingia na kufunga mlango? Na nikipata kazi, meza ya uhasibu iko ghorofa gani? Nitashukuru mkinipa jina la mtu wa kumpigia siku hiyo."

Hakuna malalamiko humo, hakuna historia ya ugonjwa, hakuna kuomba huruma. Ni maswali ambayo mtu mwenye futi ya kupimia huyajibu kwa dakika kumi.

Westlands walijibu siku hiyo hiyo: "Jengo letu ni la kisasa na linafikika kwa watu wote. Karibu sana." Bila kipimo, bila jina la mtu.

Kiwanda kilikaa siku kadhaa. Kisha ofisa wa rasilimali watu akajibu kwa jina lake. Alisema hawajawahi kumwajiri mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Ofisi ya uhasibu iko ghorofa ya kwanza na hakuna lifti, kwa hiyo mahojiano yangefanyika chini, kwenye chumba cha mikutano cha stoo. Mlango wa chumba hicho ameupima, ni sentimita 84. Mlango wa choo cha chini ni 62, hautoshi, na yuko tayari kuzungumza na fundi. Mbele ya mlango mkubwa kuna kidaraja kimoja cha sentimita 15. Mwisho akauliza: je, kiti chako kinahitaji nafasi gani kugeuka?

Dada yetu alisoma barua zote mbili akaniambia anaona Westlands ndiko kwa kwenda. Nilimwambia aende kote, lakini aangalie vizuri. Barua ya kiwanda ilikuwa na mambo mabaya matatu ndani yake, na ndiyo iliyonipa matumaini. Ilikuwa na namba, kumaanisha mtu aliinuka kitini akaenda kupima. Ilikiri kasoro. Ilirudisha swali. Na ilikuwa na jina la mtu ambaye kesho hawezi kusema hakujua.

Westlands alikuta ngazi tatu kati ya maegesho na mlango. Masoja wawili walimnyanyua na kiti chake, kwa nia njema kabisa, wakamwingiza kama sofa. Lifti ilikuwa nzuri. Choo cha wenye ulemavu kilikuwepo, chenye alama ya bluu mlangoni, kimefungwa, na ufunguo ulipopatikana ndani kulikuwa na ndoo, mifagio na katoni za karatasi. Kwenye mahojiano swali la kwanza halikuwa la uhasibu. Waliuliza, "Utakuwa unafikaje kazini kila asubuhi?" Hilo ni swali la halali iwapo kila mwombaji anaulizwa. Akiulizwa mmoja tu, mnajua linatafuta nini.

Kiwandani walimhoji kwenye kile chumba cha stoo, wakampa hesabu za benki azilinganishe na daftari, wakamwuliza alichokiona. Akapata kazi. Lakini msidhani mambo yalinyooka. Fundi alijenga mteremko wa saruji mbele ya kile kidaraja, urefu wa sentimita 90, akapiga picha kwa fahari. Dada yetu alishindwa kuupanda peke yake, na kushuka kulimtisha zaidi. Kanuni inayotumika sana ni hii: kwa kila sentimita moja ya kwenda juu, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Kidaraja cha 15 kinataka mteremko wa sentimita 180, maradufu ya ule wa fundi. Ulivunjwa ukajengwa upya. Mlango wa choo ulipanuliwa na kugeuzwa ufunguke nje, kwa sababu ukifunguka ndani, kiti kikishaingia mlango haufungi. Meza ya uhasibu ikashushwa ghorofa ya chini. Kila kosa lilirekebishwa kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumwambia, na tangu barua ya kwanza mtu huyo alikuwa ameonyesha kwamba anasikia.

Kwa wenzetu viziwi, barua ni ileile ila maswali ni mengine. Uliza nani atamleta mkalimani wa lugha ya ishara na nani atamlipa, na sema mapema kwamba huwezi kufanya usaili wa awali kwa simu. Jibu la kuogopa ni "Njoo na ndugu yako akutafsirie." Ndugu yako hajui maneno ya kazi hiyo, na mshahara haujadiliwi mbele ya shemeji. Uliza pia kuhusu mikutano ya kila wiki baada ya kuajiriwa, maana wengi huleta mkalimani siku ya mahojiano, wakapiga picha, halafu kuanzia Jumatatu unaketi kwenye mikutano ukitazama midomo.

Kwa wanaotumia kisoma skrini, mtego mkubwa uko ndani, baada ya fomu. Mfumo wa ofisi wenyewe, ule wa kuombea likizo, wa mishahara, wa kuhifadhi kumbukumbu za wateja, unaweza kuwa hausomeki kabisa. Omba jina la mfumo mkuu utakaoutumia, na omba kuujaribu kwa nusu saa ukiwa na kompyuta yako kabla ya kusaini. Kama mtihani wa kazi ni wa mtandaoni na una saa inayohesabu, omba muda wa ziada kwa maandishi kabla ya siku yenyewe. Ukiomba wakati saa tayari inakimbia, hakuna wa kukujibu.

Swali moja napenda sana muulize, na huwa ninalitumia kama mtego mwema. Mfanyakazi mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupata cheti cha msamaha kutoka Mamlaka ya Mapato halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Kwa hiyo ukifika kwenye habari za mshahara, uliza kwa utulivu: "Cheti changu cha msamaha wa kodi nitampa nani, na kitaanza kuhesabiwa kuanzia mwezi gani?" Aliyewahi kuajiri watu kama sisi atakujibu papo hapo, atakwambia mpe fulani wa mishahara, na angalia kisiwe kimeisha muda. Anayedai ana wafanyakazi wenye ulemavu tele lakini hajawahi kusikia cheti hicho, ama watu wake hawapo, ama wapo na wanakatwa kodi wasiyopaswa kukatwa.

Cheti hicho hukipati bila kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Makao yake makuu yako Waiyaki Way, kwenye eneo la Kabete Orthopaedic. Usajili huanzia hospitalini, kwenye tathmini ya daktari, na kama hujasajiliwa anza sasa, usingoje barua ya kazi, kwa sababu foleni ya tathmini haijui kwamba unaanza kazi tarehe moja. Baraza pia hupokea nafasi kutoka kwa waajiri na kuziunganisha na waliosajiliwa. Shirikisho la Waajiri nalo lina mtandao wa makampuni yanayoshughulikia ulemavu. Mimi hutumia orodha za namna hiyo kujua nianzie wapi kugonga, basi. Kampuni kuwa mwanachama ni dalili tu kwamba kuna mtu ndani aliyewahi kulisikia jambo hili kikaoni.

Chanzo bora zaidi cha habari ni aliyewahi kufanya kazi pale akaondoka. Chama cha viziwi, cha wasioona, au muungano wa watu wenye ulemavu wa Kenya, vyote vina watu hao. Usimuulize kama kazi ilikuwa nzuri. Muulize moto ukiwaka, lifti zikizimwa, mpango ulikuwa nini? Nani alikuwa na jukumu la kumshusha? Majengo mengi ya mji huu yana njia nzuri ya kukuingiza, na ya kukutoa hayana. Muulize pia umeme ukipotea ilikuwaje, kama jenereta inaendesha lifti au inaendesha taa peke yake.

Na ukipewa kazi, yale marekebisho mliyokubaliana kwa mdomo yaingie kwenye barua ya ajira, au kwenye barua pepe wanayokujibu "ndiyo" kabla hujasaini. Yaandikwe kwa namna inayopimika. "Kampuni itasaidia inapobidi" haikusaidii. Andikeni: meza itakuwa ghorofa ya chini, mteremko utakuwa tayari kufikia tarehe fulani, saa ya kuingia ni tatu badala ya mbili ili usibakie stendi matatu zikijaa. Meneja aliyekuahidi anaweza kuhamishwa mwezi ujao, na atakayekuja hatakuwa na habari. Kwa dada yetu wa kiwandani ndivyo ilivyotokea: yule ofisa mwema aliondoka kabla mwaka haujaisha, na aliyemrithi alitaka kurudisha uhasibu wote ghorofani. Alionyeshwa barua, akasoma mstari wa meza, akaacha.

Mkalimani wetu amefanya kazi muda mrefu bila kupumzika. Tumpe dakika chache akanywe maji, kisha mlete maswali, na wenye matangazo ya kazi kwenye simu zenu nileteeni hapa mbele tuyasome pamoja.